Madoa ya mapafu yasiyoondoka kwa dawa za TB

*"Daktari, nina miaka 42. Nilikata mawe kwa miaka 9: miaka 4 ya mwanzo marumaru za makaburi, 5 ya mwisho mawe bandia ya kaunta za jikoni. Nikaacha, sasa ni mwaka wa tano naendesha gari. Mwaka jana nilianza kukohoa na kuishiwa pumzi nikipanda ngazi. Eksirei ilionyesha madoa sehemu za juu za mapafu yote mawili, nikaambiwa ni TB, ingawa makohozi hayakuonyesha vijidudu. Nimemaliza dawa za miezi 6, madoa yako palepale na pumzi inazidi kupungua. Rafiki niliyefanya naye kazi anasema ni vumbi. Lakini nilikuwa nafunga kitambaa puani, na kazi yenyewe nimeshaiacha. Sasa naambiwa nirudie dawa. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, rafiki yako huenda amekaribia ukweli kuliko cheti chako cha hospitali. Kwa maelezo haya, ugonjwa ninaoufikiria kwanza ni silikosisi, yaani makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi la silika, madini yaliyomo katika mchanga na mawe mengi. Hata hivyo sijakupima wala sijaziona picha zako, na silikosisi haizuii TB kuwamo humo humo. Tena huifungulia mlango. Kwa hiyo kuhusu dawa nasema hivi: usizirudie kwa sababu ya picha peke yake, na usizikatae kabla makohozi hayajapimwa ipasavyo.

Nianze na kitambaa, maana ndicho kinachowapa watu wengi amani isiyo na msingi. Vumbi unaloliona likitimka kwenye grainda, lile linalokujaa kwenye nyusi na kope, si hilo linaloharibu mapafu. Hilo ni kubwa, hunaswa puani na kooni, ukalipenga au ukalikohoa likaisha. Linaloharibu ni chembe zisizofika mikromita 5, wakati unene wa unywele wa kichwani ni kama mikromita 70. Chembe ndogo hivyo hazionekani kwa macho. Huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, hupenya kwenye nyuzi za kitambaa, na hupita pembeni mwa barakoa yoyote isiyoshika uso vizuri. Zikishavutwa hufika mwisho kabisa wa njia ya hewa, kwenye vifuko vidogo ambako oksijeni huingia katika damu. Huko hakuna kukohoa kunakoweza kuzitoa.

Vifuko hivyo vina seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na kuumeng'enya. Bakteria humeng'enywa. Silika haimeng'enyeki. Seli humeza chembe, chembe huitoboa tumbo kwa ndani, seli hufa na kumwaga kemikali zake pale pale, na chembe hubaki huru, nzima kama ilivyoingia. Seli nyingine huja kuimeza, nayo hufa. Zile kemikali zinazomwagika ndizo huita seli zinazotengeneza makovu, na taratibu hujengeka kinundu kigumu cha duara, nyuzi zake zimejizungusha tabaka juu ya tabaka. Vinundu hivyo, kwa mamia, ndivyo vinavyoonekana kwenye eksirei kama madoa. Vingine huungana na kuwa bonge moja kubwa linalovuta na kukunja pafu lote la juu.

Hapo ndipo lilipo jibu la jambo linalokutatiza zaidi. Uliiacha kazi, lakini vumbi halikuacha mapafu. Mzunguko huo wa kumeza na kufa huendelea bila kuhitaji chembe mpya hata moja, na ndiyo maana mtu anaweza kutoka kiwandani akiwa mzima wa kupanda mlima, kisha pumzi ikaanza kumpungukia miaka kadhaa baadaye. Kuacha mapema bado kuna faida kubwa, kwa sababu kiasi cha vumbi kilichokwisha kuingia ndicho huamua kwa sehemu kubwa ugonjwa utakwenda kasi gani. Ila kuacha si kupona.

Sasa tuje kwenye swali ambalo nina shaka kama uliulizwa. Nadhani kwenye faili lako, mahali pa kazi, pameandikwa "dereva". Ni kweli, wewe ni dereva. Lakini kwa magonjwa haya kazi ya leo haimsaidii daktari sana. Kinachotakiwa ni orodha ya kazi zote tangu ulipoanza kujitegemea, mwaka kwa mwaka, na ndani ya kila kazi mikono yako ilikuwa inashika nini. Neno "fundi mawe" nalo halitoshi. Mtu mmoja anaweza kuwa fundi mawe miaka 30 na mapafu yake yasiguswe, mwingine akaumia ndani ya miaka 3.

Kwako tofauti hiyo iko wazi. Marumaru halisi ni mawe ya jamii ya chokaa, na silika ndani yake ni kidogo sana. Granaiti ina wastani wa asilimia 30 hivi. Mawe bandia ya kaunta hutengenezwa kwa kusaga kwatzi, jiwe ambalo karibu lote ni silika, na kuigandisha kwa gundi ya plastiki, na silika yake mara nyingi hupita asilimia 90. Ni mawe hayo yaliyoifanya Australia ipige marufuku matumizi yake kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya vijana wengi waliokuwa wakiyakata kugundulika na silikosisi. Kwa hiyo ninapopanga historia yako, ile miaka 4 ya makaburi naiweka kando kwa sasa. Nabaki na miaka 5.

Je, miaka 5 inatosha? Hilo hutegemea hewa uliyokuwa unaivuta. Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa kisheria ni miligramu 0.05 za silika laini katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, wastani wa zamu ya saa 8. Mtu akifanya kazi katika kiwango hicho miaka 45, jumla yake, ukizidisha kiwango kwa miaka, ni 2.25. Sasa tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mlikuwa mnakata bila maji ndani ya chumba, na hewa ilikuwa na miligramu 1. Kwa miaka 5 jumla yako ni 5, zaidi ya mara mbili ya yule wa miaka 45. Wala hiyo miligramu 1 si ya kutunga kwa kutisha watu: grainda kavu kwenye jiwe la kwatzi huweza kuifikia na kuipita. Tena jiwe linapopasuliwa wakati huo huo, kingo za chembe zake huwa kali zaidi kikemikali kuliko vumbi la zamani lililolala sakafuni.

Ndiyo maana kama ungekuwa mbele yangu ningekuuliza mambo yanayoonekana madogo. Mlikata kwa maji au kavu? Kama ni kwa maji, je, kumalizia kingo na kutoboa tundu la sinki pia kulikuwa kwa maji, au hapo ndipo mlipochukua grainda ya mkono kavu? Mafundi wengi hunijibu "tulitumia maji", na nikichimba kidogo naona maji yalikuwa ya mashine kubwa tu. Kulikuwa na kuta? Jioni nani alifagia, na alifagia kavu? Mlijipulizia nguo kwa hewa ya kompresa kabla ya kwenda nyumbani? Hili la mwisho huwa linasahaulika, ilhali dakika chache za kujipuliza zinaweza kukuvutisha vumbi jingi. Na wale uliofanya nao kazi, kuna aliyeugua kifua, aliyetibiwa TB zaidi ya mara moja, au aliyefariki kijana?

Jambo la pili ninalolipima ni muda. Silikosisi ya kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi tangu vumbi la kwanza. Vumbi likiwa zito sana hujitokeza ndani ya miaka 10, na aina hii huenda kwa kasi. Ipo na ya tatu, ya watu waliovuta vumbi la kutisha kwa miezi au miaka michache, ambapo vifuko hujaa ute na mgonjwa huzama akiwa nchi kavu. Wewe ulianza mawe bandia yapata miaka 10 iliyopita na dalili zikaanza mwaka jana, kama miaka 9 baadaye. Muda huo unalingana na aina ya pili, na ndiyo sababu sitaki usubiri.

Historia hiyo hiyo ina nguvu ya kukanusha pia. Lau ungeniambia miaka yote 9 ilikuwa ya marumaru tu, ningeiona picha ile ile na kusema: hapana, tutafute kitu kingine. Ningefikiria TB kwa nguvu zaidi, au sarkoidosisi, ugonjwa ambao nao huweka vinundu sehemu za juu za mapafu na kuvimbisha tezi za katikati ya kifua. Na lau ungekuwa fundi wa kubandua vizuia-joto vya asbesto kwenye mabomba ya meli au boila, ningetegemea picha nyingine kabisa. Asbestosisi huanzia chini ya mapafu, si juu. Hutandaza mistari kama wavu badala ya madoa ya duara, na daktari akiweka kipimo mgongoni husikia mchakacho mkavu mwishoni mwa pumzi ya kuvuta. Mara nyingi kuna pia mabamba magumu kwenye utando wa pafu, ambayo yenyewe hayamnyimi mtu pumzi, ila yanashuhudia kwamba asbesto aliivuta. Na huchukua muda mrefu, kwa kawaida miaka 20 au zaidi, kiasi kwamba huwa tunauliza hata kazi za ujanani, na kwa wanawake tunauliza nani alikuwa anazifua ovaroli za mume au baba. Kwa hiyo hata kama uliwahi kukata bati chache za asbesto miaka 6 iliyopita, hizo hazielezi madoa uliyonayo leo. Zitaje hata hivyo, ziandikwe.

Kutambua silikosisi, basi, kunasimama juu ya mambo matatu: vumbi la kutosha na muda unaolingana, picha inayofanana na ugonjwa, na kutokuwepo kwa maelezo mengine yaliyo bora zaidi. Hatuhitaji kukata kinyama cha pafu kwa watu wengi. Sindano au upasuaji huo unaweza kutoboa pafu likasinyaa, na kwa mtu mwenye pumzi chache ni hatari ambayo haina sababu. Nitakubali ufanyike ikiwa historia na picha vinapingana, au kuna bonge linalokua haraka na tunaogopa saratani. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa vumbi la silika limethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu, na sigara huongeza.

Picha zako za zamani ni mali kubwa kuliko unavyodhani. Tafuta ile ya kabla ya dawa, ya baada ya dawa, na ya sasa. Ukiwa na ile ya kuanzia kazi, au hata ya leseni au safari, ni bora zaidi. Zipangwe pamoja kwenye mwanga. TB hubadilika ndani ya wiki na miezi: hupungua kwa dawa, au isipotibiwa huenea na kuchimba mashimo, na mara nyingi upande mmoja huwa mbaya kuliko mwingine. Vinundu vya silika havijali dawa. Hubaki mahali pake, pande zote mbili karibu sawa, vikiongezeka polepole. Wakati mwingine tezi za katikati ya kifua huwa na ukingo mweupe wa chokaa, mwembamba kama ganda la yai. Ukiuona kwa mtu mwenye historia yako, mashaka hupungua sana. Msomaji mzuri atalinganisha picha yako na picha sanifu za Shirika la Kazi Duniani, zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya vumbi, badala ya kuandika tu "madoa, TB?" na kukurudisha. Ikipatikana picha ya CT, ifanywe, kwa sababu huonyesha vinundu ambavyo eksirei huvikosa na mabonge yanayoanza kuungana.

Kipimo cha kupuliza, spirometri, nacho kifanyike, lakini kisisomwe vibaya. Kikiwa kizuri hakimaanishi huna silikosisi; mapema mara nyingi huwa cha kawaida. Thamani yake kubwa ni namba ya kuanzia, ili mwaka kesho tujue umepoteza kiasi gani.

Turudi kwenye TB, maana hapa kosa la upande wowote lina gharama. Zile seli za ulinzi zinazouawa na silika ndizo hizo hizo zinazomkamata mdudu wa TB. Ndiyo maana mwenye silikosisi huugua TB kirahisi kuliko wengine, na hatari hiyo humfuata maisha yote hata baada ya kuacha kazi. Akiwa pia na VVU, hatari hizo mbili huzidishana, jambo lililoonekana wazi kwa wachimbaji dhahabu wa Afrika Kusini. Kwa hiyo pima VVU kama hujapima karibuni, na makohozi yapimwe upya: si kwa darubini tu, bali kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya mdudu wa TB, na pia kwa kuoteshwa maabara. Kuotesha huchukua wiki kadhaa, hadi 6 hivi, lakini kwako kuna umuhimu wake. Kwa mtu aliyemaliza dawa karibuni, GeneXpert inaweza kugundua mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa na ikatoa jibu la kuwa unayo. Kinachoota maabara ndicho kilicho hai. Kama makohozi hayatoki, kuna namna ya kukupulizia mvuke wa maji ya chumvi yatoke, au kuingiza mpira wenye kamera na kuosha sehemu ya pafu.

Vikiota vijidudu, utatibiwa, na mwambie daktari wazi kwamba una historia ya silika, kwa sababu kwa wagonjwa hawa tiba mara nyingi huongezwa hadi miezi 8 au zaidi ili TB isirudi. Visipoota, na huna homa za jioni, jasho la usiku wala kukonda, sioni hoja ya kukunywesha dawa zile zile mara ya pili. Dawa hizo zina uwezo wa kuumiza ini, na kila awamu ya dawa isiyo na sababu huahirisha ugonjwa halisi kutajwa kwa jina. Hapo mazungumzo yawe juu ya dawa za kinga ya TB, ambazo ni jambo jingine, na hutolewa baada ya kuhakikisha TB hai haipo.

Kuhusu tiba ya silikosisi yenyewe sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakuna dawa inayotoa vumbi wala inayofuta kovu. Vidonge vya steroidi huwapa wengine nafuu ya siku chache lakini vinaweza kuiamsha TB iliyolala, hivyo usivinunue dukani. Kuosha mapafu kunakotangazwa mahali mahali kuna nafasi katika ile aina ya tatu inayojaza ute. Kwa vinundu vigumu hakuondoi kitu cha maana. Ipo dawa ya kupunguza kasi ya makovu, nintedanibu, ambayo hufikiriwa kwa wale ambao makovu yanasonga mbele licha ya kila kitu, na kupandikiza mapafu kwa wachache. Kwa walio wengi kinachosaidia ni kutorudi kwenye vumbi hata kwa kibarua cha siku moja, kuacha sigara, chanjo za mafua na nimonia, mazoezi ya kupumua yanayosimamiwa, na oksijeni pale inapopungua mwilini. Angalia pia vidole na viungo vyako. Vidole vinavyogeuka vyeupe kwa baridi, ngozi inayokakamaa, au viungo vinavyovimba asubuhi huenda navyo vimetokana na silika, kwa kuwa huchochea mwili ujishambulie, na daktari wa mapafu anaweza asiulize.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukikohoa damu, ukipata maumivu ya ghafla ya upande mmoja na pumzi kukata (pafu linaweza kuwa limetoboka), midomo ikigeuka ya buluu, au miguu ikianza kuvimba. Bila dalili hizo, bado usivuke mwezi huu kabla ya kuonana na daktari bingwa wa mapafu au kliniki ya magonjwa ya kazini.

Unapokwenda, beba ukurasa mmoja ulioandikwa na wewe mwenyewe: kila kazi, mwaka wa kuanza na kuacha, jiwe gani, kavu au kwa maji, ndani au nje, saa ngapi kwa siku, na nini kilifunika pua. Ongeza majina ya kibiashara ya mawe kama unayakumbuka, na picha za simu za kiwandani kama unazo. Omba ukurasa huo uingizwe kwenye faili. Utakusaidia pia katika madai ya fidia, na kwa hayo ulizia mapema muda wa mwisho wa kudai, kwa sababu nchi nyingi zina muda huo na hauhesabiwi kwa namna moja kila mahali.

Na huyo rafiki yako aliyekuambia ni vumbi naye apige picha, hata kama anapanda ngazi bila taabu. Amevuta hewa ile ile uliyoivuta wewe, na kama bado anakata mawe, yeye ndiye mwenye cha kuokoa zaidi.